Sura ya 6: Sentimita Kumi za Ukuta

Mwezi Agosti 2017, puto lililopaa hadi kilomita 38 hivi angani barani Ulaya lilikuwa limebeba redio ndogo ya LoRa yenye nguvu ya miliwati 25. Ujumbe wake ulipokewa umbali wa kilomita 702. Miliwati 25 ndizo zile zile ambazo redio za kawaida za aina hii hutumia leo katika vifaa vya kupimia joto, maji na udongo. Hata hivyo, chukua kifaa chenye redio hiyo hiyo, kitundike ndani ya chumba cha baridi cha samaki pale Mbita, funga mlango, kisha ujaribu kukisikiliza ukiwa kilomita tatu tu kutoka hapo. Kuna uwezekano mkubwa usisikie kitu, au usikie ujumbe mmoja na kukosa miwili. Sura hii inaeleza kwa nini hali iko hivyo, na inajenga hoja moja: katika chumba cha baridi, swali la masafa na swali la betri ni swali moja, na jibu lake hutegemea upande gani wa ukuta umeweka redio. Anayeyatenganisha maswali hayo mawili atanunua betri kila mwaka bila kujua zinakwendea wapi.

Kaunti za Homa Bay na Migori zina sababu mbili za kushughulika na jambo hili. Ya kwanza ni ziwa. Mbuta na ngege wanaotua Mbita, Sindo, Sori na Muhuru huanza kuharibika saa ile ile wanapotoka majini, na kinachowapa wavuvi nafasi ya kungojea bei nzuri ni barafu na chumba cha baridi. Hata mbali na ufuo, kule Rongo, mpango wa serikali wa kuchochea uchumi ulioanza 2009 ulileta kiwanda kidogo cha kusindika samaki wa mabwawani. Ya pili ni chanjo. Septemba 2019, chanjo ya malaria ya RTS,S ilizinduliwa nchini Kenya katika kaunti ya Homa Bay, na Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za magharibi zilizoteuliwa kwa majaribio hayo. Chanjo hiyo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na ikiganda imeharibika. Samaki na chanjo ni vitu tofauti, lakini kuta zinazovihifadhi zinafanana, na ni kuta hizo zinazotuhusu hapa.

Mtandao wenyewe si mgumu kuuelewa. Ndani ya kila chumba kuna kihisi cha joto. Kihisi kimeunganishwa na kifaa kidogo chenye betri na redio, ambacho huamka kila baada ya dakika kadhaa, hupima, hutuma nambari chache hewani, kisha hulala tena. Mahali palipoinuka huwekwa lango, yaani kituo kimoja kinachosikiliza vifaa vyote vya eneo hilo na kupeleka habari zao kwenye intaneti kwa laini ya simu. Programu huko mwisho huchora grafu, na joto likipita mpaka hutuma ujumbe mfupi kwa msimamizi. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba lango moja, lenye laini moja na bando moja, linaweza kuhudumia vyumba vya fuo kadhaa kwa wakati mmoja.

LoRa ilibuniwa na kampuni ya Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, iliyonunuliwa na Semtech ya Marekani mwaka 2012. Badala ya kutuma wimbi lisilobadilika, redio hutuma mlio unaopanda kutoka frikwensi ya chini hadi ya juu, na mpokeaji anayejua umbo la mlio huo anaweza kuuchambua hata ukiwa dhaifu kuliko kelele za hewani. Kasi ya mlio ndiyo inayochaguliwa. Kwenye skrini utaona SF7, SF8, na kuendelea hadi SF12. SF7 ni kama mtu anayezungumza haraka na jirani yake. SF12 ni yule yule akivuta kila silabi ili asikike ng'ambo ya mto. Mvutaji husikika mbali zaidi, ila hukaa muda mrefu akisema jambo lile lile. Ujumbe wa baiti 8 za vipimo, ukifungwa katika bahasha ya kawaida ya LoRaWAN, hukaa hewani milisekunde 57 kwa SF7. Kwa SF12 ujumbe huo huo huchukua takriban sekunde moja na nusu, yaani mara 26 zaidi. Faida inayopatikana kwa kulipa mara 26 ni desibeli 14 hivi za usikivu. Nambari hizo mbili, mara 26 na desibeli 14, zikumbukwe, kwa sababu hesabu yote inayofuata inasimama juu yake.

Sasa tuutazame ukuta. Paneli ya chumba cha baridi ni foamu ngumu iliyobanwa kati ya mabati mawili, na unene wake mara nyingi ni sentimita kumi hivi. Foamu huzuia joto, lakini haiyasumbui mawimbi ya redio. Kinachoyazuia ni bati. Kuta nne, dari na mlango vyote vimevikwa chuma, na mara nyingi sakafu pia, hivyo chumba kizima huwa sanduku la chuma ambalo mawimbi hurudishwa ndani kila yakijaribu kutoka. Machache hupenya kwenye mpira wa mlango, kwenye tundu la bomba la kutolea maji, na pale waya wa feni ya ndani unapopita. Hasara ya desibeli 20 hadi 30 si ajabu, na chumba kikijazwa kreti za samaki na barafu inayoyeyuka, maji hayo nayo hunyonya sehemu ya kilichobaki. Desibeli 30 maana yake ni kwamba katika kila sehemu elfu za nguvu iliyotoka kwenye antena, moja tu imefika nje.

Ili kuona uzito wa hasara hiyo, tuilinganishe na umbali. Wimbi linalosafiri mahali pasipo kizuizi hupotea kwa kanuni hii, ambamo `d` ni umbali kwa kilomita na `f` ni frikwensi ya redio kwa megahezi, ambayo kwa vifaa vinavyotumika Kenya ni 868:

```
L = 32.44 + 20*log10(d) + 20*log10(f)
```

Kwa kilomita moja, hasara ni desibeli 91. Kwa kilomita kumi ni 111. Kila umbali unapozidishwa mara kumi, hasara huongezeka kwa 20 tu, na ndiyo sababu puto lile lilisikika mbali vile: hata kilomita 702 za hewa tupu hazifikishi desibeli 150. Kwa kipimo hicho hicho, ukuta unaokula desibeli 30 una uzito sawa na kuusogeza mnara wa kupokea kutoka kilomita moja hadi zaidi ya kilomita 30. Watu hutazama ramani na kuogopa umbali kati ya Homa Bay na Kendu Bay, ilhali sehemu kubwa ya safari ngumu ya ujumbe wao imeisha kabla haujavuka kizingiti cha mlango.

Tufanye hesabu ya mahali pamoja. Chukua chumba cha mfano kilicho ufuoni Homa Bay, na lango lililofungwa kwenye mteremko wa Got Asego, kilomita tatu kutoka hapo. Hewa itakula desibeli 101. Nyumba, miti na mapaa ya mabati ya mjini tuyape 20, jumla 121. Redio inatoa 14 kwa kipimo chake, na lango husikia kwa SF7 hadi karibu -123, kwa hiyo uwezo wote wa safari ni 137. Ukiweka redio nje ya ukuta, unabaki na akiba ya desibeli 16. Hiyo ni akiba nzuri, kwa maana mafundi hupenda kuwa na angalau 10 kwa ajili ya mvua, lori lililoegeshwa vibaya, au mti utakaokua. Ukiiweka redio hiyo hiyo ndani na ukuta ukachukua 30, unakuwa na upungufu wa 14, na SF7 haisikiki kabisa. Ukipanda hadi SF12 unarudishiwa zile 14, na hesabu inasimama kwenye sifuri kamili. Umelipa mara 26 kwa kila ujumbe, na bado hujapata akiba hata ya desibeli moja. Mlango ukiwa wazi ujumbe utapita. Mlango ukifungwa, ujumbe utakuwa wa kubahatisha.

Deni hilo hulipwa na betri. Betri inayotumika sana katika vifaa hivi ni ya lithiamu yenye volti 3.6 na ukubwa wa betri ya tochi, nayo huandikwa 2400 mAh au zaidi kidogo. Tuseme kwa tahadhari kwamba asilimia 60 ndiyo itakayotumika, yaani 1440. Kifaa kikituma kila baada ya dakika kumi, hutuma mara 144 kwa siku. Kwa SF7, redio inayovuta miliampea 45 kwa milisekunde 57 hutumia 0.1 mAh kwa siku. Kuamka na kusubiri kihisi kipime hutumia kama 0.2, kusikiliza jibu la lango 0.05, na usingizi wa siku nzima, kwa kifaa kilichoundwa vizuri, 0.25 hivi. Jumla ni 0.6 kwa siku, na betri ile itadumu zaidi ya miaka sita. Kwa SF12, redio peke yake hula 2.7 kwa siku, jumla inapanda hadi 3.2, na betri inaisha baada ya miezi kama 15. Kisha kuna jambo moja ambalo wengi hawalitarajii: betri hizi hubaki kwenye volti 3.6 karibu maisha yao yote na kuporomoka mwishoni. Skrini itaonyesha betri nzima leo, na wiki chache baadaye kifaa kimekufa. Kwa hiyo volti haikuambii kitu cha maana; kipimo cha kweli ni hesabu yenyewe, yaani idadi ya ujumbe uliotumwa na SF iliyotumika.

Mtu mwenye kompyuta ataona katika hesabu hiyo kwamba usingizi, kwa SF7, hula zaidi kuliko redio. Ni kweli, na ndipo penye mtego wa pili. Bodi za majaribio zinazouzwa kwa wanafunzi zina taa ndogo inayowaka daima na kidhibiti volti kisicholala. Bodi kama hiyo huweza kuvuta miliampea 10 hata ikiwa haifanyi lolote, sawa na 240 mAh kwa siku, na betri yetu haitamaliza wiki. Hapo hakuna SF itakayokuokoa. Kabla ya kubishana juu ya antena, pima mkondo wa kifaa kikiwa kimelala. Ukizidi kwa mbali miliampea 0.01, tatizo liko kwenye bodi, na ufumbuzi ni kubadilisha bodi.

Jibu linalotokana na hesabu hizi ni la kifundi na la bei nafuu: redio na betri vikae nje ya ukuta, na ndani iingie ncha ya kihisi peke yake. Kihisi cha DS18B20, kilichofungwa ndani ya mrija wa chuma cha pua na kuunganishwa kwa waya, hupima kutoka nyuzi -55, na usahihi wake ni nusu nyuzi kati ya -10 na 85. Waya wa mita mbili au tatu hubeba kipimo chake bila shida. Kwa waya huo umezikwepa desibeli 30, umerudi kwenye SF7, na umeinusuru betri isikae baridini. Faida hii ya tatu ni ndogo katika chumba cha nyuzi 2, lakini ni kubwa katika chumba cha kugandishia cha -18, ambako betri za kawaida za alkalini hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wao, na hata za lithiamu hushuka volti ghafla redio inapovuta mkondo.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa fundi wa majokofu, na lina msingi. Kutoboa paneli ni kuharibu kizuizi cha mvuke. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi. Ikipata njia itaingia kwenye foamu, unyevu wake utageuka maji, na baada ya misimu michache paneli itajaa maji na kupoteza uwezo wake wa kuzuia joto. Hoja hiyo inahusu mvuke zaidi ya baridi, kwa maana joto linalopita katika tundu la milimita sita ni dogo mno kupimika kwenye bili ya umeme. Jibu ni kutotoboa tundu jipya pale ambapo la zamani lipo. Kila chumba kina mahali ambapo nyaya za feni ya ndani na taa hupita, na waya mwembamba mmoja zaidi unaweza kupita hapo, kisha pakazibwa upya kwa silikoni pande zote mbili. Palipo na ulazima wa kutoboa, tundu liinamie nje, foamu ya kunyunyiza ijazwe katikati, na waya uning'inie kwa kitanzi upande wa nje ili matone yadondoke kabla ya kufika kwenye kifaa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kwa nini usiweke lango jirani na chumba, mita 20 tu kutoka mlangoni? Hesabu inamuunga mkono muulizaji. Kwa mita 20, hewa hula desibeli 57 tu. Ukiongeza 30 za ukuta unafika 87, na uwezo wa 137 unakuachia akiba ya 50 kwa SF7. Redio inaweza kukaa ndani na isisumbuke. Hili likubaliwe waziwazi: mwenye chumba kimoja na ofisi iliyoungana nacho hana tatizo la masafa, na hata LoRa yenyewe haihitaji, kwani waya mmoja kutoka kwenye kihisi hadi kwenye kompyuta ungetosha. LoRa hulipa gharama yake pale lango moja linapogawanywa na vyumba vingi vilivyotawanyika, kwa mfano fuo tatu au nne za Muhuru na Sori. Hapo umbali unarudi, akiba ya 50 inatoweka, na ukuta unakuwa tena mwamuzi. Anayebuni mtandao kwa chumba cha kwanza bila kufikiria cha nne atalazimika kuhamisha kila kifaa siku atakapopanuka.

Pingamizi la tatu ni la laini ya simu: mtandao wa simu umefika karibu kila ufuo, basi kila kifaa kingepewa laini yake. Kwa kifaa kilichochomekwa kwenye umeme, hilo ni wazo zuri. Lakini moduli ya kawaida ya simu ya kizazi cha pili huvuta hadi ampea mbili kwa vipindi vifupi inapotuma, na hukaa sekunde nyingi ikitafuta mnara kabla ya kusema neno. Betri yetu ndogo haiwezi kutoa mkondo huo, na ingeweza, isingefika mwezi kwa mwendo wa ujumbe 144 kwa siku. Kifaa kinachotegemea umeme wa chumba nacho hunyamaza umeme unapokatika, yaani saa ile ile ambayo ungependa kukisikia.

Neno hilo la mwisho linaligusa pia lango, na hapo ndipo mitandao mingi ya LoRa huanguka. Vifaa vya vyumbani vina betri za miaka sita, lakini lango limechomekwa ukutani. Stima ikipotea, kompresa inasimama, joto linaanza kupanda, vifaa vinapiga kelele zao hewani, na hakuna anayesikiliza. Bajeti ya nguvu isiyohesabu lango ni nusu ya bajeti. Lango dogo lenye modemu huvuta kama wati 5. Betri ya volti 12 na ampea-saa 18 ina wati-saa 216. Ikiwa ni ya risasi na asidi usiitumie zaidi ya nusu, na hiyo inakupa saa 21 hivi. Kwa usiku mmoja wa giza inatosha. Kwa mahali ambapo stima hupotea kwa siku mbili, paneli ya sola iongezwe. Zaidi ya hayo, programu ifundishwe kuuchukulia ukimya kuwa tahadhari: kifaa kikikosa zamu tatu mfululizo, ujumbe mfupi uende kwa msimamizi, kwa sababu grafu isiyosogea inaweza kumaanisha chumba kizuri au lango lililokufa, na kwa macho hazitofautiani.

Yote haya ni hesabu za karatasini, na karatasi haijui bati la jengo lako. Ndiyo maana jaribio la masafa ni la lazima, na lina namna yake. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kujaribu wakati wa ufungaji, mlango ukiwa wazi na chumba kikiwa kitupu, huku mtandao ukiruhusiwa kujichagulia SF. Katika LoRaWAN kuna utaratibu uitwao ADR, ambao hupandisha au kushusha SF kufuatana na hali. Ukiwa umewashwa, jaribio karibu daima litafaulu, kwa kuwa udhaifu wa mahali utafichwa na SF12, na bili itakuja kwenye betri miezi kumi na tano baadaye. Kwa hiyo ADR izimwe, kifaa kifungwe kwenye SF7, kitume ujumbe mia moja wenye nambari za mfululizo, na mlango uwe umefungwa. Zoezi lirudiwe chumba kikiwa kimejaa na kompresa ikinguruma. Nambari zinazokosekana katika mfululizo ndizo ujumbe uliopotea, na hazihitaji mjadala.

Kila ujumbe unaofika huja na vipimo vyake. Mstari mmoja kwenye skrini ya lango huweza kusomeka hivi:

```
f_cnt=1842  SF7  RSSI=-108  SNR=9.0  T=2.4  bat=3.60
```

Kinachostahili kutazamwa hapo ni SNR, yaani ujumbe uko juu ya kelele kwa kiasi gani. SF7 huhitaji SNR isiyopungua -7.5, kwa hiyo 9.0 inaonyesha akiba ya desibeli 16.5. Mahali hapo ni salama. Mstari huo huo ukisema SNR ya -5, ujumbe umefika, lakini akiba ni 2.5 tu, na mvua ya kwanza itauondoa. SF12 hustahimili hadi -20, na ndipo sehemu kubwa ya desibeli zile za ziada inapotoka. Ukiona kifaa kinafika kwa SF12 peke yake, usishukuru. Pandisha antena ya lango kwanza. Juu ya maji hilo lina uzito wa pekee. Wimbi la 868 halipiti kwenye uzi mwembamba ulionyooka, bali huhitaji nafasi kuuzunguka mstari huo. Kwa safari ya kilomita kumi, nafasi hiyo katikati ya njia ina nusu-kipenyo cha mita 29. Antena ya mita tano juu ya paa la ofisi ya ufuo inaona ng'ambo vizuri kwa macho, lakini nusu ya nafasi inayohitajika imezama ziwani. Mteremko wa kilima hutatua kwa siku moja kile ambacho SF12 ingekigharimia betri kila mwaka.

Limebaki swali la mara ngapi kutuma, kwa kuwa kila dakika unayoongeza kati ya vipimo ni muda wa betri uliookolewa. Jibu litoke kwenye kitu kilichohifadhiwa. Viwango vya Shirika la Afya Duniani kwa vipima joto vya chanjo huamuru tahadhari joto likikaa juu ya nyuzi 8 kwa saa kumi, au likishuka hadi -0.5 kwa dakika 60. Anayepima kila dakika kumi anapata vipimo sita ndani ya ile saa moja, na hivyo hata viwili vikipotea bado anajua. Samaki ndani ya barafu hubadilika joto kwa saa kadhaa pia. Kinachobadilika kwa dakika ni hewa, ambayo joto lake hupanda kila mlango unapofunguliwa. Ncha ya kihisi ikining'inia hewani itaamsha watu usiku bure, na baada ya wiki mbili watazima simu. Itumbukizwe kwenye chupa ndogo ya maji iliyowekwa kati ya kreti, au ya gliseroli ikiwa chumba ni cha kugandisha, ili isome kile samaki anachohisi. Kabla ya hapo ijaribiwe katika bakuli la barafu iliyopondwa na maji kidogo, ikorogwe na kuachwa dakika kumi: isome sifuri, pungufu au zaidi kwa nusu nyuzi. Madukani zipo DS18B20 bandia nyingi, na bakuli hilo huzifichua kabla hazijafika ukutani.

Kutoka hapa, mnunuzi wa mtandao wa namna hii, awe kitengo cha usimamizi wa ufuo au idara ya kaunti, ana kipimo cha kumwajibisha muuzaji. Asikubali ahadi ya kilomita 15 iliyoandikwa kwenye boksi, kwa sababu ahadi hiyo haikupita kwenye bati. Mkataba utaje mambo yanayopimika: ujumbe 95 kati ya 100 ufike kwa SF7 mlango ukiwa umefungwa na chumba kikiwa kimejaa, akiba isipungue desibeli 10, mkondo wa kifaa kilicholala uandikwe kwa kipimo cha mita, si kwa kauli, na lango liendelee kusikika kwa saa 20 baada ya kuchomolewa ukutani mbele ya mashahidi. Masharti hayo manne yanaweza kuthibitishwa kwa siku mbili. Muuzaji aliyeacha redio ndani ya chumba hatayatimiza, isipokuwa lango lake liwe mlangoni, na akiulizwa jinsi atakavyohudumia chumba cha ufuo unaofuata atalazimika kuja na drili au na lango la pili. Bei ya malango mawili ikilinganishwa na ya waya wa mita tatu, uamuzi hauhitaji mhandisi.